Jinsi ya kumtumia mfanyakazi muhtasari wa kikao cha tathmini

Mi nasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi, basi ntatumia mfano wa kijana wetu wa stoo.

1. Andika siku hiyohiyo au kesho yake. Ukikaa wiki utaanza kuandika unachodhani mliongea. Na usiingize jambo ambalo hamkuligusa kikaoni, mi niliwahi kuchomekea suala la kuchelewa, jamaa akaja na simu mkononi, "Bosi, hili la kuchelewa mbona jana hukulisema?" Nikakosa jibu, na hata yale ya kweli akaacha kuyaamini.

2. Anza na anachofanya vizuri, ila utaje tukio. "Unajituma" haimwambii kitu. Mimi niliandika:

"Kaka habari. Mwezi wa tatu ulikamata mifuko 12 ya saruji iliyopungua kwenye delivari kabla hujasaini, endelea kuhesabu hivyohivyo."

3. Pengo liwe kitendo, sio tabia. Ukiandika "mzembe" ushaanzisha ugomvi. Andika kilichoonekana, halafu na maelezo yake yeye, maana hapo ndo sababu inapatikana:

"Tulipohesabu aina 10 za bidhaa, 4 hazikulingana na kadi za stoo. Ulieleza kwamba jioni magari yanaingia mawili kwa pamoja na uko peke yako, kwa hiyo mzigo unatoka kabla hujaandika kadi."

Ona, bila hiyo sentensi ya pili ningemwekea lengo la "kuwa makini" na magari yangeendelea kuja mawili.

4. Malengo yawe ya pande mbili. Yake, yako, tarehe na namna ya kupima:

"Tumekubaliana: kadi iandikwe kabla mzigo haujatoka. Mimi nitakupa msaidizi saa 10 hadi saa 12 jioni kuanzia Jumatatu. Kila Ijumaa tunahesabu aina 10 pamoja, ifikapo tarehe 30 isizidi 1 yenye tofauti."

Upande wako usipoutimiza usimdai wa kwake, na hapo sio ubinadamu tu, kwa Tanzania kanuni za utendaji mwema za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali namba 42) zinataka mwajiri atoe mwongozo na muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni. Barua ya onyo ni kitu kingine, usiichanganye humu.

5. Mtumie yeye, na nakala kwa rasilimali watu basi. Sio kwenye grupu la wasapu la kazini, hata ile sehemu ya sifa. Mwisho weka: "Kama kuna nilipokosea au nilichosahau, nijibu kabla ya Ijumaa."

Akijibu "sawa bosi" ndani ya dakika moja, hajasoma. Mpitie stoo umuulize wiki hii anaanza na lipi. Wa kwangu alinijibu msaidizi aje saa 9, kwa sababu gari la nondo linawahi, nikarekebisha nikamtumia upya.