Usiulize mto una maana gani, uliza nini kimebadilika

Jana kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Kisumu tulizozana nusu saa kuhusu mto katika riwaya tuliyokuwa tukisoma: ni uhai au ni mpaka? Kilichotuokoa ni daftari. Kila kitu kinapojirudia riwayani, andika mambo matatu: ukurasa, nani yuko karibu nacho, na nini kimebadilika baada ya hapo. Usitafsiri kabla ya kupata mitajo mitatu.

Chukua riwaya hiyo, The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya 1965, yenye mto Honia. Mwanzoni mto unaviunganisha vilima viwili, Kameno na Makuyu, ila mtu akisimama bondeni anaviona vikigeuka mahasimu. Baadaye mhusika mkuu, Waiyaki, anatahiriwa kando yake. Mwishoni umati unakusanyika papo hapo na kumwacha mikononi mwa baraza la wazee limhukumu, kisha watu wanatawanyika na mto unaendelea kutiririka. Ukiipanga mitajo hiyo unaona kwamba mto haujabadilika. Watu ndio wanaouchukua, kila upande kwa haja yake. Kwa hiyo waliosema uhai na waliosema mpaka walikuwa wameshika nusu nusu, na mimi nilikuwa mbishi kuliko wote.

Mbinu hii hukwama kitu kinapokuwa mandhari tu. Mlango uliofungwa ukitajwa mara tano na hakuna anayeugusa, anayeuogopa wala kutafuta ufunguo, huenda ni mlango tu. Jaribu kuufuta kichwani: tukio likisimama vilevile bila huo mlango, achana nao.