Mistari ya waifai imejaa ila mambo hayaendi? Punguza nguvu ya ruta

Simu iko chumba cha mwisho, mistari ya waifai inaonekana poa kabisa, lakini ukituma picha inazunguka tu, na kibaya zaidi hata walioko karibu na ruta wanaanza kulalamika spidi. Wengi hapo wanakimbilia kuongeza nguvu ya ruta. Mi nasema ipunguze.

Sababu ni hii. Ruta nyingi zinarusha kwa kama 20 dBm hivi, yaani miliwati 100, zingine zaidi. Simu, kwa vile inabana betri, mara nyingi iko 12 mpaka 15 dBm, ambayo ni miliwati 15 hadi 30 hivi. Ni kama mtu mwenye spika anaongea na mtu wa ng'ambo ya uwanja asiye na kitu, huyu wa mbali anasikia vizuri ila akijibu hasikiki. Sasa kila pakiti lazima ijibiwe kwamba imefika, isipojibiwa inatumwa tena na tena huku spidi ikishushwa, na kwenye bendi ya 2.4 inaweza kushuka hadi megabiti 1 kwa sekunde. Pakiti ya baiti 1500 kwa spidi hiyo inakula milisekunde 12, wakati kwa megabiti 54 isingefika hata robo ya milisekunde. Na chaneli ni moja, mmoja akiongea wengine wote wanasubiri zamu, ndo maana laptopu iliyo mezani pembeni ya ruta nayo inaumia.

Hatua ya 1: hakikisha tatizo ni hilo. Kaa na laptopu karibu na ruta, ipige ping ruta yenyewe (anwani yake inaweza kuwa tofauti na hii, na kwenye Windows ongeza `-t` mwishoni ili isisimame baada ya mara nne):

```
ping 192.168.1.1
```

Mwambie mtu wa chumba cha mwisho atume video. Kama majibu yalikuwa milisekunde chache halafu yanaruka hadi mia na kitu, mlete na simu yake karibu na ruta atume tena video ileile. Ping ikibaki imetulia basi shida ni umbali, sio video.

Hatua ya 2: linganisha pande mbili. Kwenye simu weka apu yoyote inayoonyesha nguvu ya waifai kwa dBm. Kwenye ruta, kama inatumia mfumo wa OpenWrt, ingia kwa SSH uandike:

```
iw dev wlan0 station dump
```

(Jina `wlan0` linaweza kuwa tofauti, `iw dev` itakuonyesha.) Angalia `signal`, hiyo ni jinsi ruta inavyoisikia simu, na `tx retries` inavyopanda. Namba ikikaribia sifuri ndo nguvu zaidi. Tuseme simu inaisikia ruta kwa -70, ila ruta inaisikia simu kwa -84. Tofauti ni 14, hapo umempata mchawi. Soma mara kadhaa, maana ukiishika simu tu namba zinacheza. Tofauti ikiwa 2 au 3 tu, kupunguza nguvu hakutasawazisha kitu, afadhali uhamishe ruta.

Hatua ya 3: punguza kidogo kidogo. Ruta za kawaida zina `Transmit Power` kwenye seting'i za waifai, kwa asilimia au High, Medium, Low. Usiogope 50%, watu wanadhani umbali unakatika nusu, kumbe umepunguza 3 dB tu. Kwenye OpenWrt, kama ulikuwa 23:

```
uci set wireless.radio0.txpower='14'
uci commit wireless
wifi reload
```

Hakikisha `radio0` ndo ile ya 2.4. Wote watakatika sekunde chache kisha watarudi. Umetoa 9, kwa hiyo ile simu sasa inaisikia ruta kwa -79 badala ya -70, mistari imepungua, na simu nyingi hapo zinaanza kutafuta ruta nyingine ya karibu au zinahamia data, ndo zinaacha kula zamu za wengine.

Hatua ya 4: pima tena. Rudia ping ya mwanzo, halafu tembea kwenye vyumba unavyotaka vipate waifai. Mi naacha pale ambapo hivyo vyumba bado vina -67 au bora zaidi, kikishuka hapo narudisha 2 au 3.

Ila jua kwamba hii haiipi simu sauti kubwa zaidi. Chumba cha mwisho kitakosa waifai, kwa hiyo kama kinahitaji, vuta kebo uweke akses pointi kule, nayo iwe na nguvu ndogo vilevile. Na kifaa kisicho na pa kwenda, mfano kamera ya nje, hakitaondoka, kitang'ang'ania ruta ileile kwa signo mbovu zaidi na kurudia pakiti hata kuliko mwanzo. Hicho kisogeze au kipe kebo kabla hujagusa nguvu.