Somo: Kukata na kuandika mchoro wa pau pale swali linaposema "iliyobaki"

Mchoro wa pau, ule wa mistatili uliosambaa kutoka shule za Singapore tangu miaka ya 1980, ni rahisi kuuchora. Ugumu uko kwenye kuamua mstatili ukatwe vipande vingapi, na namba iliyotolewa iandikwe juu ya vipande vipi. Mafumbo mengi ya sehemu hayaleti shida hapo. Yanayoangusha watoto ni yale ambayo sehemu ya pili haihesabiwi kutoka kwenye kizima bali kutoka kwenye kilichobaki, kwa hiyo somo hili ni la hayo tu.

Tuchukue fumbo hili: Neema alisoma 2/5 ya kurasa za kitabu siku ya Ijumaa. Jumamosi alisoma 1/4 ya kurasa zilizobaki. Bado kurasa 72 hazijasomwa. Kitabu kina kurasa ngapi?

Hatua ya 1: Uliza "ya nini?" kabla ya kushika penseli. Kila sehemu kwenye fumbo ina mwenyewe. 2/5 ni ya kitabu. 1/4 ni ya zilizobaki. 72 haina "ya" yoyote, ni kurasa kamili. Mimi huwaambia wanafunzi wapigie mstari maneno yanayofuata "ya", wala si sehemu yenyewe, maana macho yao hukimbilia 2/5 na 1/4 na kuyaruka maneno ambayo ndiyo yanayosema nini kinakatwa.

Hatua ya 2: Chora kizima cha kwanza. Asili ya 2/5 ni 5, basi mstatili wa kitabu unakatwa vipande 5 sawa. Viwili andika Ijumaa ndani yake. Vitatu viache vyeupe. Usiandike 72 bado! Mtoto akishaona nafasi tupu anatamani kuijaza, na hapo ndipo 72 inapowekwa juu ya vile vipande vitatu wakati Jumamosi haijatolewa.

Hatua ya 3: Shusha kilichobaki chini. Chora mstatili wa pili chini ya vile vipande vitatu vyeupe, wenye urefu uleule navyo kabisa. Huo ndio kizima kipya, na asili ya 1/4 ni 4, kwa hiyo unakatwa vipande 4. Mistari yake haitaoana na mistari ya juu, na haipaswi kuoana. Kinachooana ni ncha mbili tu.

```
Kitabu    |  Ij   |  Ij   |       |       |       |
Zilizobaki                |  Jm |     |     |     |
                                <--- kurasa 72 --->
```

Hatua ya 4: Sasa weka namba. Tafuta kwenye mchoro ni vipande vipi vinasimulia "bado hazijasomwa". Ni vitatu vya mwisho vya mstatili wa chini, na 72 inavishika vyote kwa pamoja.

Hatua ya 5: Panda juu. Vipande 3 vya chini ni 72, kimoja ni 24, vinne ni 96. Hizo 96 ndizo vipande vitatu vyeupe vya juu, kwa hiyo kimoja cha juu ni 32 na vitano ni 160. Hakiki kwa kusoma fumbo upya: 2/5 ya 160 ni 64, zinabaki 96, robo yake ni 24, zinabaki 72. Sawa.

Angalieni kwamba kipande cha juu ni 32 na cha chini ni 24. Mtoto anayeviita vyote "kipande kimoja" atavichanganya tu. Waandike "kipande cha kitabu" na "kipande cha zilizobaki", hata kama inachosha.

Kosa lenyewe la kawaida ni kujumlisha 2/5 na 1/4 kupata 13/20, kisha kusema 7/20 ndiyo 72. Hapa linajifichua lenyewe, kwa sababu 72 haigawanyiki kwa 7 na kurasa haziwezi kuwa na kipande. Lakini msitegemee bahati hiyo. Badilisheni 72 iwe 63, na njia mbovu inatoa 180 safi kabisa, wakati jibu sahihi ni 140. Kwenye 180, ukisoma fumbo upya, zinabaki kurasa 81 badala ya 63. Kuhakiki ndiko kutakakoonyesha kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu mwenzangu, mimi hukata mstatili mmoja tu, kila kipande cha juu nakikata tena. Nakosea?
Hukosei, mwalimu. Vipande 3 vilivyobaki vinapaswa kugawanyika kwa 4, na KDS ya 3 na 4 ni 12, kwa hiyo kila kipande kikatwe vinne. Kitabu chote kinakuwa vipande vidogo 20: Ijumaa 8, Jumamosi 3, vilivyobaki 9. 72 gawanya kwa 9 ni 8, mara 20 ni 160. Faida yake ni kwamba unaona mara moja kuwa Jumamosi ni 3/20 ya kitabu. Hasara ni mistari mingi kwa mtoto ambaye bado anahangaika na KDS. Mimi huanza na mistatili miwili.

Habari mwalimu. Mwanangu kaletewa "alisoma 1/4 ya zilizobaki na kurasa 6 zaidi, bado 66". Hizo 6 nizikatie kipande chake?
Nzuri, mzazi mwenzangu. Usiongeze kipande cha tano, maana vipande vinne vinatakiwa vibaki sawa. Chora mstatili wa zilizobaki vilevile, kisha ndani ya kipande cha pili, pembeni ya kile cha Jumamosi, tia kivuli ukanda mwembamba na uandike 6. Kilichobaki baada ya ukanda ndicho 66. Rudisha ukanda: 66 + 6 = 72, nayo ni vipande 3 kamili. Kuanzia hapo ni fumbo letu lilelile. Ukiona mtoto amegawanya 66 kwa 3, jua ukanda ameusahau.

Vipi pale ambapo vizima ni viwili tangu mwanzo? Mfano: 3/4 ya shanga za Asha ni sawa na 2/5 ya shanga za Juma, na wote kwa pamoja wana shanga 69.
Hapo chora mistatili miwili, mmoja wa kila mtu, lakini usianze na asili pekee. Kilicho sawa ni vipande 3 vya Asha na vipande 2 vya Juma, kwa hiyo vichore vikiwa na urefu mmoja, kimoja juu ya kingine. Kisha vikate mpaka viwe na idadi moja: 3 na 2 zinakutana kwenye 6. Kila kipande cha Asha kinakatwa viwili, kila cha Juma vitatu. Hapo Asha ana vipande vidogo 8 na Juma 15, jumla 23. 69 gawanya kwa 23 ni 3, basi Asha ana 24 na Juma 45. Robo tatu ya 24 ni 18, na 2/5 ya 45 ni 18.

Wengi hapa hutafuta KDS ya asili, 4 na 5, wakakata kila mstatili vipande 20. Mistatili inakuwa na urefu mmoja, yaani Asha na Juma wana shanga sawa, jambo ambalo fumbo halijasema popote.