Kutafuta chanzo cha shawa inayounguza au kuwa baridi ghafla koki nyingine inapofunguliwa

Shawa ya kuchanganya maji isiyo na themostati, yaani kidhibiti joto, haipimi joto. Uwiano ulioupanga kwa mkono hudumu maadamu presha ya maji moto na ya maji baridi haibadiliki. Koki nyingine ikifunguliwa kwenye bomba linaloilisha shawa maji baridi, presha ya upande huo hushuka, maji baridi hupungua, na maji moto huendelea kuja kama kawaida.

Tuchukulie maji moto ni nyuzi 60 na ya baridi nyuzi 20, kila upande ukitoa lita 4 kwa dakika. Utaoga kwa nyuzi 40. Maji baridi yakishuka hadi lita 2, mchanganyiko hupanda hadi karibu nyuzi 47, joto linalomtoa mtu mbio bafuni. Maji moto ndiyo yakipungua nusu, utabaki na nyuzi 33 hivi.

Hatua ya 1. Fungua shawa pasipo mtu chini yake, uweke kipimajoto kwenye maji yanayotoka, kisha msaidizi afungue koki za nyumba moja baada ya nyingine, bila kusahau kuvuta maji ya choo. Joto likipanda, upande wa baridi ndio unaonyang'anywa maji. Likishuka, ni upande wa moto. Ikiwa hita yako huchemsha maji yanapopita, huenda kupungua huko kwa maji kukaifanya izime kabisa, na shawa itatoa maji baridi matupu.

Hatua ya 2. Geuza shawa itoe maji ya upande wenye tatizo pekee, ujaze ndoo ya lita 10 huku ukihesabu sekunde, kwanza koki zote nyingine zikiwa zimefungwa, kisha ile yenye lawama ikiwa wazi. Yakija kidogo hata katika kipimo cha kwanza, kagua valvu ya kufungia na chujio la kwenye kiingilio cha shawa kabla ya kununua chochote. Chujio lililojaa mchanga huufanya upande huo uyumbe kwa upungufu mdogo tu wa presha.

Hatua ya 3. Mkosaji akiwa choo, punguza kidogo kidogo valvu iliyo chini ya tangi lake, ukirudia kipimo. Tangi litachelewa kujaa, lakini shawa itatulia.

Hatua ya 4. Hilo lisipotosha, itenganishie shawa bomba lake kutoka kwenye tangi kuu, au panua sehemu ya bomba inayotumiwa kwa pamoja, kwa mfano kutoka nusu inchi hadi robo tatu. Shawa ya themostati nayo hukinga dhidi ya kuungua, mradi presha yako ifikie kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji. Haiwezi, hata hivyo, kuleta maji moto yasiyofika. Baada ya kuiweka, ifungulie maji, kisha zima maji baridi kwenye valvu: shawa ikiwa sawa, maji yatakatika karibu yote ndani ya sekunde chache.