SOMO: Kutenga risiti, nyaraka na skrinishoti na picha za kumbukumbu (Android na Google Photos)

Mfano wa somo hili ni simu ya mtu anayejenga Pongwe na kununua vifaa Ngamiani. Folda ya kamera ina picha kama 3,000: arusi, watoto Raskazone, halafu risiti za saruji, nondo na mabati zimejipenyeza katikati. Akitafuta risiti anapita kwenye arusi, akitafuta arusi anakwama kwenye nondo.

Kwanza tuelewane kuhusu albamu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Albamu ya Google Photos ni lebo tu. Ukiiweka risiti kwenye albamu ya "Risiti", bado inabaki kwenye mkondo mkuu wa picha, siku ileile, kati ya zilezile za arusi. Na ukiifuta kwenye mkondo mkuu ukidhani nakala ya albamu itabaki, imeondoka kote. Kwa hiyo kutengeneza albamu peke yake si kutenga.

Hatua ya 1: Zuia skrinishoti zisipande mtandaoni. Skrinishoti zina folda yake tayari, kwa kawaida `DCIM/Screenshots` au `Pictures/Screenshots` kutegemea simu. Fungua Google Photos, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye mipangilio ya Backup, kisha `Back up device folders`. Zima Screenshots. Acha folda ya Camera ikiendelea. Zilizokwisha kupanda hazitaondoka kwa kuzima huku; unazimalizia kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Zipate risiti zote bila kupekua. Google Photos husoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Risiti ya mashine ya EFD huanza na kumalizika kwa maneno yasiyobadilika, START OF LEGAL RECEIPT na END OF LEGAL RECEIPT. Andika hivi kwenye sehemu ya kutafuta:

```
LEGAL RECEIPT
```

Kisha jaribu `TIN` na `VERIFICATION CODE`, maana risiti iliyopigwa nusu huenda haina kichwa wala mkia. Risiti za mkono za duka la mbao hazina maneno hayo. Kwa hizo andika jina la duka lililochapwa juu ya karatasi. Ukiona majibu machache kuliko unavyotarajia, angalia kama bekapu imekamilika, kwani picha ambazo hazijapanda mara nyingi hazitokei kwenye utafutaji wa maandishi.

Tuseme zimetokea 212. Bonyeza moja kwa muda, buruta kidole kuchagua nyingine, lakini usichague zote kwa upofu. Mtoto aliyesimama mbele ya bango lenye maandishi anaweza kuingia humo.

Hatua ya 3: Zihifadhi pembeni, usizifute. Ukiwa umezichagua, ziongeze kwenye albamu ya "Risiti ujenzi", halafu fungua menyu na uchague `Archive`. Sasa zimetoka kwenye mkondo mkuu, lakini bado ziko kwenye albamu na bado zinapatikana kwa kutafuta. Mpangilio ni huo: albamu kwanza, Archive baadaye. Ukianza na Archive unalazimika kuziwinda tena.

Archive haipunguzi nafasi. Risiti 212 zinaendelea kula zile GB 15 za bure, ambazo Gmail na Drive nazo zinazitumia. Nafasi unaipata kwa kufuta skrinishoti zilizokufa, na hapo usisite: tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 ikishaingizwa kwenye mita haina kazi tena. Picha ya ujumbe wa malipo nayo ni ya ziada kama ujumbe wenyewe bado uko kwenye simu, na ujumbe ni rahisi kunakili kuliko picha. Vilivyofutwa hukaa kwenye `Trash` siku 60 kama vilikuwa na bekapu, na siku 30 kama havikuwa nayo.

Hatua ya 4: Risiti mpya isipite kwenye kamera. Hili ndilo linaloshikilia kazi yote. Bila hili, baada ya miezi 3 umerudi ulipokuwa. Fungua programu ya Drive, gusa alama ya kamera pembeni ya alama ya kujumlisha, piga risiti, rekebisha kingo, hifadhi. Inatoka PDF, na PDF haionekani kwenye galari hata kidogo. Ipe jina linaloanza na mwaka ili zijipange zenyewe:

```
2025-03-14_saruji_mifuko10.pdf
```

Skani siku hiyohiyo. Karatasi ya EFD haina wino. Ina kemikali inayobadilika rangi kwa joto, ndiyo maana risiti iliyosahauliwa kwenye dashibodi ya gari au kwenye pochi ya plastiki hufifia au huwa nyeusi. Itandaze juu ya kitambaa cheusi ili programu itambue kingo. Risiti ndefu ipige kurasa mbili zinazopishana mistari miwili au mitatu, na hakikisha msimbo wa QR uko wazi: kwa huo au kwa namba ya uthibitisho unaweza kuihakiki kwenye verify.tra.go.tz.

MASWALI

Wa Makorora: Shikamoo mwalimu. Nimefanya Archive, lakini nikifungua galari ya Samsung risiti zote zipo. Nimekosea wapi?

*Marahaba. Hujakosea. Archive ni ya Google Photos peke yake, galari ya simu haiijui. Ila kwenye galari ya Samsung albamu ni folda halisi. Chagua risiti, hamishia kwenye albamu mpya ya "Risiti", kisha ifiche kwenye orodha ya albamu. Chagua kuhamisha, si kunakili. Ukinakili utabaki na mbili.*

Fundi Chumbageni: Kwa hiyo nikishaziweka kwenye folda yangu, naweza kuzifuta Google Photos nibaki na za kwenye simu?

*Usifanye hivyo ndani ya programu ya Photos, fundi. Ukibonyeza kufuta pale, inafuta ya mtandaoni na ya kwenye simu pamoja. Kama unataka kuondoa za mtandaoni, kwanza pakia nakala Drive, zifungue uhakikishe, ndipo ufute.*

Bibi Harusi Pongwe: Picha za arusi nilizotumiwa WhatsApp zimekaa tarehe ya jana wakati arusi ilikuwa Desemba. Na hizo ni kumbukumbu, si takataka.

*WhatsApp huondoa taarifa za ndani za picha, ikiwemo saa iliyopigwa, na jina kama IMG-20250309-WA0012 linaonyesha siku ya kupokelewa. Fungua picha, telezesha juu, gusa kalamu kwenye tarehe uirekebishe. Bora zaidi mwombe mpiga picha azitume kama Document; zinakuja na tarehe yake na ubora wake. Kwa makundi ya matangazo, ingia kwenye taarifa za kundi, `Media visibility`, chagua `No`. Inazuia zijazo tu, za zamani zitabaki.*

Wa Makorora: Na picha ya kitambulisho cha NIDA? Sitaki ionekane nikimpa mtu simu.

*Iweke `Locked Folder` ya Google Photos. Lakini angalia kwanza kama bekapu ya folda hiyo imewashwa. Kama haijawashwa, ukifuta data ya programu au simu ikirudishwa kiwandani, picha imepotea.*