Jina la timu litakalochekesha hadi raundi ya mwisho

Kwenye chemsha bongo ya raundi 6, msomaji hutaja jina la timu yenu kila anapotangaza alama, na mara moja zaidi kwenye matokeo ya mwisho. Ni mara 7. Utani unaotegemea mshangao peke yake huisha mara ya pili tu.

Kwa hiyo, kabla hamjaliandika kwenye karatasi, lipachikeni ndani ya sentensi mbili na mzisome kwa sauti: "Wanaoongoza ni..." na "Wanaoshika mkia ni...". Chukueni "Vichwa Maji". Mkiwa wa mwisho linachekesha, mkiongoza pia, maana linapingana na alama zenu. Lakini kicheko ni kilekile kila mara. Sasa jaribuni "Futa Andika". Kila raundi kuna mtu anayefuta jibu sahihi na kuandika la uongo, hivyo jina linapata kisa kipya kila alama zinaposomwa. Mkishinda, watu watauliza mlifuta nini. Hilo ndilo la kuchagua: jina linalogusa jambo ambalo mchezo wenyewe utalileta tena. "Tulikuwa Tunajua" lina nguvu hiyohiyo.

Utani wa tahajia uacheni, kwa sababu jina husikika tu, halionekani. Maneno 2 au 3 yanatosha. Likizidi hapo msomaji atalifupisha mwenyewe, na mara nyingi hukata palepale penye utani. Na kama mmoja wenu amelazimika kuelezewa, tafuteni jingine.