Mzigo umechelewa: jinsi ya kumwandikia mteja mkubwa barua ya kuomba radhi

Mwongozo huu ni wa ofisa mauzo ambaye mteja wake mkubwa amepokea mzigo nje ya tarehe, na sasa anatakiwa kuandika. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Mteja ni kiwanda kilichoagiza katoni 4,000 za kufungashia bidhaa. Tuliahidi kumfikishia Jumanne tarehe 3. Zimefika Ijumaa jioni tarehe 6, tena 2,600 tu. Zimebaki 1,400.

Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kuandika

Mpigie mteja siku hiyohiyo, na uongee kidogo. Unachotaka kujua ni kitu kimoja: kuchelewa kule kumemgharimu nini? Katika mfano wetu, katoni za akiba ziliisha Jumatano jioni, mashine ya kufungashia ikasimama Alhamisi na Ijumaa. Usipolijua hilo utaishia kuomba radhi kwa "usumbufu wowote uliojitokeza", na mtu aliyekaa siku mbili na mashine iliyozimwa atajua hukujishughulisha hata kuuliza.

Uliza pia anatumia kiasi gani kwa siku. Jibu hilo utalihitaji kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Weka mezani oda ya mteja, ujumbe uliothibitisha tarehe, na hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi yake. Ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoonyesha mzigo ulipokelewa lini na ukiwa na idadi gani. Tarehe ya kwenye kompyuta ya stoo mara nyingi ni ya gari kutoka getini kwenu, si ya kufika kwa mteja. Ukiinukuu hiyo, barua ya radhi inageuka ubishi.

Sababu ya kuchelewa iulize stoo na uzalishaji, usiikisie. Hapa kompyuta ilionyesha karatasi ya kutengenezea katoni ipo, kumbe ilikuwa imeshatengwa kwa oda nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe mpya inayoshikika

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Mteja anaweza kukusamehe kuchelewa mara moja. Ukichelewa tena baada ya barua ya radhi, tarehe yako yoyote itakayofuata hataiamini, na ataanza kutafuta msambazaji mwingine.

Uliza watu watatu, kila mmoja peke yake: uzalishaji (zitakamilika lini), stoo (zitapakiwa lini) na usafirishaji (gari lipo siku hiyo?). Ukimuuliza mmoja tu, atakujibia na wenzake kwa kubahatisha. Katika mfano wetu uzalishaji wanasema 1,400 zote zitakamilika Jumanne jioni tarehe 10, kwa hiyo zinaweza kufika Jumatano asubuhi saa nne.

Tarehe inaonekana nzuri. Sasa ipime kwa matumizi ya mteja. Anatumia katoni 800 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, saa nane za kazi kuanzia saa mbili asubuhi. Zile 2,600 zinamtosha Jumamosi, Jumatatu na Jumanne, zinabaki 200. Jumatano saa nne zitakuwa zimeisha, dakika ileile gari linapotakiwa kuingia. Tairi likipasuka tu, mashine inasimama tena.

Kwa hiyo rudi uzalishaji uulize ni ngapi zitakuwa tayari mapema. Wakisema 500 Jumatatu jioni, gawa mzigo: 500 zifike Jumanne kabla ya saa kumi jioni, na 900 Jumatano kabla ya saa sita mchana. Jumatano mteja ataanza kazi akiwa na 700, na hata gari la pili likikwama, karibu siku nzima imeshaokolewa. Gari litaenda mara mbili, na idara ya usafirishaji watanung'unika. Waache wanung'unike.

Hatua ya 4: Omba ruhusa ya unachotaka kutoa

Soma mkataba kama una kifungu cha fidia ya kuchelewa. Kikiwepo, usiandike kiasi chochote wala neno "tunawajibika kulipa" kabla meneja wako hajakubali kwa maandishi. Kisipokuwepo, toa kitu kinachohusiana na kosa lenyewe, kama kuondoa gharama ya usafirishaji kwenye ankara ya oda hii. Zawadi kwa ofisa manunuzi usithubutu. Itamletea maswali kwa bosi wake.

Hatua ya 5: Andika, ukurasa mmoja tu

Mwandikie mwenye oda, na nakala imfikie aliyeumia. Ofisa manunuzi ndiye aliyesaini oda, lakini aliyesimamishiwa mashine ni meneja uzalishaji. Barua yenyewe iwe hivi:

> Yah: Kuchelewa kwa katoni za oda yenu iliyotakiwa kufika tarehe 3
>
> Ndugu Ofisa Manunuzi,
>
> Tunaomba radhi. Tuliahidi kuwafikishia katoni 4,000 Jumanne tarehe 3. Mlipokea 2,600 Ijumaa tarehe 6, na kwa sababu hiyo mashine yenu ya kufungashia ilisimama Alhamisi na Ijumaa.
>
> Tulithibitisha oda yenu kwa kutegemea karatasi ambayo tayari ilikuwa imetengwa kwa kazi nyingine. Kosa hilo ni letu. Kuanzia sasa, oda yenu haitathibitishwa kabla stoo haijaitengea malighafi.
>
> Katoni 1,400 zilizobaki zitafika hivi: 500 Jumanne tarehe 10 kabla ya saa kumi jioni, na 900 Jumatano tarehe 11 kabla ya saa sita mchana. Nitawapigia simu kila gari litakapotoka kwetu.
>
> Gharama ya usafirishaji wa oda hii tumeiondoa kwenye ankara.
>
> Wenu,
> (jina, cheo, namba ya simu ya mkononi)
>
> Nakala: Meneja Uzalishaji

Tazama aya ya pili. Haimtaji dereva, wala haisemi "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", maneno ambayo mteja huyasoma kama "itatokea tena". Pia haisemi karatasi ilikwenda kwa mteja gani. Ukweli upo, bila kumwambia kwamba kuna aliyetangulizwa mbele yake. Na ile ahadi ya kutenga malighafi kwanza, hakikisha mkuu wa stoo ameikubali kabla hujaiandika, maana ndiye atakayeitekeleza.

Maneno kama "mteja wetu wa thamani" nimeyaacha makusudi. Kwenye barua ya mauzo sawa, lakini kwa mtu mwenye hasira yanasikika kama kejeli.

Hatua ya 6: Tuma, kisha fuatilia magari

Itume Ijumaa hiyohiyo au Jumamosi asubuhi, kwa barua pepe, ikiwa imesainiwa. Ukisubiri hadi Jumatatu, atakuwa ameshawaandikia wakubwa wako.

Jumatatu jioni nenda mwenyewe uone zile 500 zimefungwa. Zikiwa 350, mpigie mteja usiku huohuo umweleze idadi halisi, ili apange zamu zake kabla hakujakucha.

Akijibu kwa kudai hasara ya zile siku mbili, mjulishe kwamba umepokea dai lake na lini atajibiwa, kisha lipeleke kwa meneja pamoja na hati ya kupokelea mzigo na nakala ya barua. Usianze kujadiliana naye kiasi kwenye simu.